Ncha Niliyoificha

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, digrii mbili na mdomo mrefu, nilipopewa kazi ya kukifanya kinu cha saruji kijiendeshe chenyewe. Kiwanda kilikuwa nje kidogo ya mji wa Tororo. Kilikuwa kidogo, na waliokuwa wamiliki wake wamekwisha kukiuza, kwa hiyo sitakitaja. Kwetu ni Busia, upande wa Kenya. Kila Ijumaa jioni nilivuka mpaka kwenda kula kwa mama, na Jumapili nikarudi nimeshiba na bado najiona mtu wa maana.

Asiyewahi kuona kinu cha saruji afikirie pipa la chuma refu kuliko basi, limelazwa ubavu, linazunguka kutwa kucha. Ndani yake mna mipira ya chuma inayoponda klinka, yale mawe ya kijivu yaliyotoka tanuruni. Kinachosagwa hutoka upande wa pili, lifti ya ndoo hukipandisha hadi kwenye kipembuzi, unga laini huenda ghalani na chenga hurudi kinuni kusagwa tena. Ukikilisha kinu kidogo, mipira inagongana yenyewe kwa yenyewe na kelele yake inatoboa masikio. Ukikilisha kupita kiasi, unga unakuwa godoro katikati ya mipira. Hapo kusaga kunafifia, kinu kinajaa, na kadiri kinavyojaa ndivyo kinavyozidi kushindwa kusaga. Mwisho kinaziba kabisa, na watu wanaingia ndani na sululu kwa siku kadhaa.

Kwa miaka mingi aliyezuia hayo yasitokee alikuwa mzee mmoja Mwislamu wa Busia, upande wa Uganda. Ndugu zake wote walikuwa watu wa malori. Yeye peke yake aliingia kiwandani. Alikuwa na nondo fupi aliyoilainisha ncha zote mbili. Kila baada ya muda alitoka chumba cha udhibiti, akaweka nondo kwenye kiti cha beringi ya kinu, upande mwingine akauegemeza chini ya sikio, akafumba macho. Kisha alirudi na kusema kinu kina njaa, au kimeshiba, naye akasogeza kishikio cha mkanda wa kulisha kidogo tu. Zamu zilipobadilishana, hakuna aliyesoma kitabu cha zamu. Anayetoka alimwambia anayeingia kwa mdomo: "Tumbo iko hivi, iko hivi." Hiyo ndiyo ilikuwa ripoti.

Mimi niliona ni ushamba. Nasema ukweli, niliwacheka. Nilimwambia meneja kuwa kiwanda cha leo hakiwezi kuongozwa na mtu anayesikiliza chuma kama mganga.

Meneja alinipenda kwa maneno kama hayo. Alikuwa mtu wa tai, mkali, aliyeamini kila tatizo la kiwanda lina jina la mtu. Tukakubaliana hivi: nitengeneze kidhibiti kitakachosoma mzigo wa lifti ya ndoo, kwa kuwa mzigo ule unaonyesha kinachotoka kinuni, na chenyewe kiongeze au kipunguze klinka. Kikiendesha kinu wiki nzima bila mkono wa mtu, waendeshaji wataondolewa. Mzee alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Alikuwa hajafikia umri wa kustaafu na hakujua kazi nyingine.

Alijua habari hiyo. Siku moja aliniletea chai chumba cha udhibiti, akakaa.

"Mwanangu injinia," akasema, "hii mashine yako itasikia na nini?"

"Itasoma lifti, Mzee."

"Lifti inaona nyuma. Mimi nasikia mbele." Akacheka. "Lakini wewe umesoma. Mimi nanyamaza."

Palikuwa na kipaza sauti kimoja cha zamani kwenye ganda la kinu, walichokiita sikio la umeme. Mstari wake kwenye skrini ulirukaruka kama kuku aliyekatwa kichwa, ukaniharibia mahesabu. Nikakichomoa. Kwangu kilikuwa kelele tu.

Nilifanya majaribio, nikakusanya takwimu, nikaiachia kompyuta inipatie mfano wa kinu kwa hesabu, halafu inipendekezee kidhibiti. Nikakisimika. Nilipokiagiza kipandishe mzigo wa lifti kidogo, mstari ulipanda, ukatulia pale pale nilipotaka, bila kutikisika. Meneja alipiga makofi. Mimi nilijifanya sijali, lakini ndani nilikuwa naruka.

Waendeshaji hawakukipenda kidhibiti. Kila nikigeuka, mtu alikuwa amekitoa kwenye oto, ile ya kujiendesha, na kuweka mkono. Nikakasirika. Nikaifunga sehemu ya mkono kwa paswadi yangu mwenyewe, na meneja akabandika tangazo ukutani: atakayeingilia mtambo wiki ya majaribio atafukuzwa siku hiyo hiyo. Nililisoma tangazo lile nikaridhika nalo. Huo ndio ujinga wangu wa kwanza, na haukuwa wa hesabu.

Siku nne zikaenda vizuri. Siku ya tano, asubuhi, malori yalileta klinka kutoka tanuru jingine. Ilikuwa nyeusi zaidi, ngumu zaidi. Mzee aliishika mkononi, akaivunja kwa nyundo, akatikisa kichwa. Saa nne akaja mezani kwangu.

"Injinia, kinu inanyamaza."

"Mzee, tazama mistari. Iko sawa."

"Mistari iko sawa. Kinu inanyamaza. Punguza chakula kidogo tu, nakuomba."

"Wiki haijaisha. Ukigusa unajua kitakachotokea."

Aliondoka. Saa sita alirudi, akasema maneno yale yale kwa sauti ya chini zaidi. Nikamwambia aende akaswali adhuhuri aniache nifanye kazi. Aibu ninayoiona nikiandika sentensi hiyo siwezi kuipima.

Mchana ule nilikuwa nakirekebisha kidhibiti kidogo, kwa sababu nilitaka kiwe chepesi zaidi kujibu. Nilikuwa na mfano wa kinu na kidhibiti pamoja kwenye kompyuta, na kila mara niliiagiza programu inisafishie hesabu, yaani iondoe kila kinachofutana, ili nibaki na kitu kifupi cha kutazama. Siku hiyo nilisahau kuagiza usafi. Programu ikanitolea orodha nzima ya ncha.

Ncha ni namba inayoeleza tabia ya mtambo ukisukumwa kidogo kisha ukaachwa. Namba ikiwa hasi, msukosuko unakufa wenyewe. Ikiwa chanya, msukosuko unakua, na unavyokua ndivyo unavyokua kwa kasi zaidi. Mtambo wenye ncha chanya hata moja si salama, hata kama nyingine zote ni nzuri.

Nikapitisha kidole chini ya orodha. Hasi, hasi, hasi. Halafu moja, ndogo sana, haikuwa na alama ya kutoa mbele yake.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikafuta vumbi la skrini kwa kidole. Ilikuwa chanya. Ilikuwa tabia ya kinu chenyewe, kile kinu kilicholishwa hadi kupita kilele chake cha kusaga, ambacho kikijaa zaidi kinasaga kidogo zaidi. Na kwenye kidhibiti, kompyuta ilikuwa imeweka sifuri moja, yaani namba ya kuifuta ncha kwenye hesabu, juu yake kabisa, namba kwa namba. Katika hesabu ya kutoka agizo hadi jibu, ncha na sifuri zilifutana, zikatoweka, na mimi nikaona mstari mzuri. Lakini zilifutana kwenye karatasi tu. Ndani ya lile pipa hakuna kilichofutwa hata punje. Ncha ilikuwa hai, imejificha, inangoja kusukumwa. Na majaribio yangu yote yalikuwa ya kubadili agizo tu. Sikuwahi kukisukuma kinu chenyewe.

Nikaandika jaribio jipya: agizo lisibadilike, ila klinka iwe ngumu kidogo. Nikabonyeza. Ujazo wa kinu ukaanza kupanda, polepole, ukijizidisha maradufu kila baada ya dakika ishirini na kitu. Mzigo wa lifti ukashuka, mwanzoni kwa unene wa kalamu tu. Na klinka ambayo kidhibiti kilikuwa kinalisha ilibaki mstari mnyoofu. Hilo ndilo lililonikata maini. Kidhibiti kilikuwa kinaiona lifti ikishuka, lakini ile sifuri yangu ilikuwa imekiziba macho kwa mwendo huo mmoja tu, wa ile ncha, na si mwingine. Kilikuwa kimekaa kimya kikitazama kinu kikijaa.

Nikafungua grafu ya siku hiyo. Tangu klinka mpya ilipofika, lifti ilikuwa imeshuka kidogo sana kwa muda mrefu, na kwa macho ya kawaida ilikuwa imetulia. Mstari wa klinka haukuwa umetikisika. Mzee alikuwa amesema kweli tangu saa nne.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokosa, na sitaki mtu anitafutie udhuru. Paswadi ilikuwa yangu. Kutoka pale nilipoketi, ningeandika herufi sita, nikapunguza klinka, mambo yakaisha. Lakini ingeandikwa kwenye kumbukumbu kwamba mkono umeingia, na ni wangu, na wiki ingeharibika, na meneja angeuliza kwa nini. Nikajiambia kuna muda. Nitatengeneza kidhibiti kingine, kisicho na sifuri ile, nikipachike kimyakimya kana kwamba ni marekebisho madogo. Saa mbili hivi. Nikainama kwenye kibodi.

Sikumaliza hata saa moja. Kengele ya mkanda ikalia.

Nilitoka mbio. Mkanda wa kulisha ulikuwa umesimama. Pembeni yake hupita kamba ya dharura, ile inayovutwa mtu akinaswa, na Mzee alikuwa ameishika kwa mikono miwili. Nondo yake ilikuwa chini. Kinu kilikuwa bado kinazunguka, na hata mimi, nisiyejua kusikiliza, nilisikia kuwa hakikuwa kinanguruma. Kilikuwa kinakoroma kwa sauti nzito iliyozibwa.

"Imefika hapa," akasema, akiweka kiganja kooni. "Ningengoja, ingeziba. Nifukuze tu."

Nikasimama pale kama mti, na huku kinu, kwa kunyimwa klinka, kikaanza kumaliza kilichokuwa ndani. Polepole mipira ikapata nafasi, ikaanza kuuma tena. Shehena iliyokuwa imelala ndani ikamiminika kwenye lifti. Baada ya nusu saa hivi kelele ya kawaida ilikuwa imerudi, kali, ya kutoboa masikio. Mzee akaokota nondo yake, akasikiliza, akatabasamu.

"Haya. Sasa iko na njaa."

Kwa kukiokoa kinu, alikuwa ameuosha ushahidi wote. Angekiacha kizibe, kila mtu angeona kwa macho, tungefungua mlango na kukuta shehena imesimama hadi juu. Sasa ndani hapakuwa na kitu cha kuonyesha.

Kikao kilikuwa kesho yake, ofisini kwa meneja. Tulikuwa watatu. Meneja alikuwa amechapisha grafu kubwa, akaitandaza mezani. Kabla ya kamba kuvutwa, mstari wa lifti umetulia. Baada ya kamba kuvutwa, unapanda, unafanya kilima, unashuka.

"Mtu yeyote mwenye macho anaona," akasema meneja. "Mtambo ulikuwa umetulia. Huyu amekuja, amevuta kamba, ameuvuruga. Wivu tu. Amejua kazi inaondoka."

Jamani, kile kilima! Kilikuwa ndicho ushahidi wenyewe. Ukinyima kinu klinka na mzigo wa lifti ukapanda badala ya kushuka, maana yake kilikuwa kimejaa kupita kilele, na kinapopungua kinarudi pale kinaposaga vizuri. Kinu kisichojaa kikinyimwa klinka, lifti inashuka, basi. Chumba kile kilikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kusoma kilima kile, na mtu huyo alikuwa mimi.

Mzee hakumtazama meneja. Alinigeukia mimi.

"Injinia. Wewe umesoma. Kinu ilikuwa imejaa au haikujaa?"

Nilikuwa na faili kwenye kompyuta iliyokuwa magotini mwangu. Orodha ya ncha, jaribio la klinka ngumu, kila kitu. Nilihitaji kufungua kifuniko tu.

"Grafu," nikasema, "zinaonyesha hali ya kawaida."

Aliendelea kunitazama. Nilimwona akielewa. Hakuelewa hesabu, ila alielewa kuwa najua. Hakubisha. Akavua kofia ngumu ya kazi, akaiweka mezani juu ya grafu, akaenda zake.

Meneja aliniomba maelezo ya kitaalamu ya kuambatanisha na barua ya kumfukuza. Niliandika ukurasa mmoja. Niliandika kuwa mtambo wa udhibiti ulikuwa imara wakati wote kabla ya kuingiliwa. Nilitia sahihi. Mkono uliandika vizuri kabisa.

Wiki iliyofuata nilibadili kidhibiti. Niliondoa ile sifuri, nikarudisha sikio la umeme, nikausafisha mstari wake badala ya kuutupa, nikakifundisha kidhibiti kupunguza klinka sauti ikififia. Ncha zote zikawa hasi, safari hii bila kufuta kitu. Klinka ngumu ikaletwa tena, kinu kikaimeza bila shida. Meneja akauliza wazo la kusikiliza kinu nimelitoa wapi.

"Utafiti," nikamwambia.

Nikapandishwa cheo. Mama akachinja kuku wawili.

Mzee alikuja langoni Jumatatu moja. Askari akanipigia simu, nikatoka kwa sababu sikupata la kusingizia. Alikuwa amevaa kanzu safi na viatu vya ngozi, kama mtu anayekwenda kuposa.

"Mwanangu, sitaki kazi," akaanza mara moja, ili nisiogope. "Kazi basi, imeisha. Lakini kule Busia wanasema mimi naharibu kiwanda sababu ya wivu. Ndugu zangu wa malori wamesikia kwa madereva. Msikitini wananiangalia. Mke wangu ananyamaza. Miaka yote hiyo hajawahi kunyamaza, sasa ananyamaza. Kuja siku moja tu, kunywa chai kwangu. Mwambie yeye peke yake kinu ilikuwa imejaa. Usiandike. Sema kwa mdomo tu. Mimi sitapeleka popote."

Hakuwa anaomba kikubwa. Kwake ni mwendo mfupi tu kutoka mpakani, njia ile ile niliyopita kila Ijumaa kwenda kwa mama. Lakini nilifikiri: mke atamwambia shemeji, shemeji atamwambia dereva, dereva atafikisha kiwandani.

"Leo nina kazi nyingi, Mzee," nikasema. "Njoo Jumatatu ijayo tupange."

"Inshallah," akasema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.

Jumatatu iliyofuata alikuja, na kanzu ile ile. Nilimwagiza askari aseme nimesafiri. Nilimwona kwa dirisha la ghorofani, amesimama juani, kichwa amekiinamisha upande mmoja kuelekea kwenye kinu, anasikiliza. Jumatatu ya pili alikuja tena, akaambiwa niko mkutanoni. Ya tatu, askari hakuniuliza hata la kusema, alimrudisha mwenyewe.

Jumatatu ya nne hakuja. Nilikaa dirishani mpaka saa sita nikihakikisha kuwa hakuja. Kisha nikashuka kwenda kula, na nilikuwa na furaha, wallahi, nilikula sahani mbili.